Sura ya Sita: Zamu Inayogusa Usiku

Katika hoteli moja ya mfano, watu watatu wanaingia kazini kwa nyakati tofauti. Mhudumu wa mapokezi anaanza saa nane mchana na kutoka saa sita usiku. Mlinzi wa geti anaingia saa nne usiku na kukabidhi lindo saa mbili asubuhi. Mpishi wa mikate anafungua jiko saa tisa usiku na kuvua aproni saa saba mchana. Kwenye ubao wa ratiba, zamu ya kwanza imeandikwa "jioni", ya pili "usiku" na ya tatu "asubuhi". Mwisho wa mwezi, posho ya usiku inaonekana kwenye hati ya mshahara ya mlinzi peke yake.

Hesabu hiyo ina kosa, na ni kosa la kawaida sana katika maeneo ya kazi yenye zamu. Wote watatu wamefanya kazi usiku kwa maana ya sheria, kila mmoja kwa saa zake, na wote watatu wanadai. Sura hii inaeleza namna ya kuzipata saa hizo pale ambapo zamu imegusa usiku kwa upande mmoja tu, na namna ya kuzigeuza kuwa shilingi. Sheria tunayoifuata ni ya Tanzania Bara, yaani Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, Sura ya 366. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, kwa hiyo msomaji wa huko asizichukue namba hizi kama zilivyo.

Sheria inalipa saa, hailipi jina la zamu

Kifungu cha 20 cha sheria hiyo kinaanza kwa kusema usiku ni nini. Ni muda wa baada ya saa mbili usiku na kabla ya saa kumi na mbili asubuhi. Kwa saa za kompyuta, kati ya 20:00 na 06:00. Jumla ni saa kumi. Giza halihusiki hapa, wala kuchwa kwa jua. Saa moja na nusu usiku, wakati taa zimeshawashwa mji mzima, bado ni mchana kisheria. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakati daladala zimeshaanza kupiga honi, bado ni usiku.

Kisha kifungu hicho hicho kinataja malipo. Mwajiri anatakiwa kumlipa mfanyakazi angalau asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa aliyofanya kazi usiku. Maneno mazito hapo ni "kila saa". Sheria haikusema kila zamu ya usiku, wala kila mfanyakazi wa usiku. Haikuweka sharti kwamba sehemu kubwa ya zamu iwe usiku ndipo nyongeza ianze kuhesabiwa. Saa moja ikiangukia ndani ya muda ule, inalipiwa nyongeza. Saa nane zikiangukia, zote nane zinalipiwa.

Si kila mfumo duniani unafanya hivyo. Mkataba Namba 171 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1990, unamtazama mtu kwanza: mfanyakazi wa usiku ni yule ambaye kazi yake inadai saa nyingi za usiku kupita kiwango kilichowekwa. Kwa mtazamo huo mtu anaweza kugusa usiku kidogo na asihesabiwe kabisa. Sheria ya Tanzania Bara, katika jambo la malipo, haikupita njia hiyo. Haimuulizi mfanyakazi yeye ni wa zamu gani. Inauliza saa ngapi alikuwa kazini kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi.

Wapo ambao sehemu hii ya sheria haiwahusu. Msimamizi anayewaongoza wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri, na anayewajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu, hadai nyongeza hii kwa mujibu wa sheria, ingawa mkataba wake unaweza kumpa. Kwa wengine wote wa zamu, hiki ni kima cha chini. Mkataba wa hali bora uliofungwa na chama cha wafanyakazi unaweza kukipandisha, lakini makubaliano hayawezi kukishusha.

Kupata thamani ya saa moja

Asilimia 5 ni ya mshahara wa msingi kwa saa, na watu wengi wana mshahara wa mwezi. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kuugeuza mwezi uwe saa. Sheria yenyewe imeweka jedwali la kufanya hivyo katika majedwali yake ya mwisho: mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 mara idadi ya saa za kawaida za wiki. Hiyo 4.333 ni wastani wa wiki katika mwezi, yaani wiki 52 za mwaka zikigawanywa kwa miezi 12.

Tuseme wafanyakazi wetu watatu wanalipwa mshahara wa msingi wa shilingi 390,000 kwa mwezi, na kila mmoja anafanya saa 45 za kawaida kwa wiki, ambazo ndizo kikomo cha sheria. Zamu zao ni tano kwa wiki, saa tisa za kazi kila zamu, pamoja na saa moja ya mapumziko isiyolipwa. 45 mara 4.333 ni 194.985. Gawanya 390,000 kwa namba hiyo, unapata shilingi 2,000 na senti chache. Tuchukue 2,000. Asilimia 5 yake ni shilingi 100. Hiyo ndiyo nyongeza ya kila saa ya usiku kwa kila mmoja wao.

Hapa pana makosa mawili ya kuangalia. La kwanza ni kigawanyo. Wapo wanaogawanya mshahara kwa siku 30, halafu kwa saa 24, kana kwamba mfanyakazi haendi nyumbani. Kwa njia hiyo shilingi 390,000 inakuwa shilingi 542 hivi kwa saa, na nyongeza ya usiku inashuka hadi shilingi 27. Ukiona nyongeza ya saa moja ni kama robo ya ile uliyoitarajia, tazama kigawanyo kwanza. Karibu kila mara utakuta 720 mahali palipotakiwa 195.

La pili ni kuchanganya mshahara wa msingi na jumla ya mapato. Sheria inaeleza kwamba mshahara wa msingi ni malipo ya kazi iliyofanywa katika saa za kawaida, bila posho, bila malipo ya saa za ziada, bila malipo ya ziada ya Jumapili au sikukuu, na bila nyongeza ya usiku yenyewe. Kwa hiyo posho ya nyumba au ya usafiri haiingii katika hesabu ya asilimia 5. Lakini maelezo hayo yanakata pande zote mbili. Mwajiri anayesema "nyongeza ya usiku imeshajumuishwa ndani ya mshahara wako wa msingi" anadai jambo ambalo maana ya kisheria ya mshahara wa msingi hailikubali. Nyongeza iko nje ya mshahara wa msingi, juu yake. Kama inalipwa, ionekane kwenye mstari wake.

Kukata zamu mahali usiku unapoanza na unapoisha

Hatua ya pili ndiyo kiini cha sura hii. Chora mstari wa zamu kutoka saa ya kuingia hadi saa ya kutoka. Weka alama mahali pa saa mbili usiku na mahali pa saa kumi na mbili asubuhi. Kipande cha zamu kilicho kati ya alama hizo ndicho cha usiku. Kukipata bila kuchora, chukua ile inayochelewa kati ya saa ya kuingia na saa mbili usiku. Hapo ndipo kipande kinapoanzia. Kisha chukua ile inayowahi kati ya saa ya kutoka na saa kumi na mbili asubuhi; hapo ndipo kinapoishia. Mwisho, ondoa mapumziko yasiyolipwa yaliyoangukia ndani ya kipande hicho.

Tuanze na mhudumu wa mapokezi. Ameingia saa nane mchana na kutoka saa sita usiku. Mapumziko yake ni saa moja jioni hadi saa mbili usiku. Kati ya saa yake ya kuingia na saa mbili usiku, inayochelewa ni saa mbili usiku. Kati ya saa sita usiku na saa kumi na mbili asubuhi, inayowahi ni saa sita usiku. Kipande chake ni saa nne. Mapumziko yalikwisha kabla usiku wa kisheria haujaanza, kwa hiyo hayapunguzi kitu. Nyongeza yake ni saa 4 mara shilingi 100, yaani shilingi 400 kwa zamu. Katika mwezi wenye zamu 22, ni shilingi 8,800.

Mpishi wa mikate anagusa usiku kwa upande wa pili. Ameanza saa tisa usiku, na usiku wa kisheria umemkatikia saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa tatu. Mapumziko yake ni saa moja hadi saa mbili asubuhi, nje ya usiku, kwa hiyo saa zake tatu zinabaki kamili. Anadai shilingi 300 kwa zamu, shilingi 6,600 kwa mwezi wa zamu 22. Huyu ndiye anayesahaulika kuliko wote, kwa sababu zamu yake inaitwa ya asubuhi na anaonekana barabarani akirudi nyumbani mchana kweupe.

Mlinzi wa geti, ambaye kila mtu anakubali kwamba anafanya kazi usiku, naye zamu yake haiko yote usiku. Anaingia saa nne usiku na usiku unakwisha saa kumi na mbili asubuhi: saa nane. Saa mbili za mwisho, hadi saa mbili asubuhi, ni za mchana na hazina nyongeza. Ratiba inasema anapumzika saa nane hadi saa tisa usiku. Saa hiyo imo ndani ya usiku, na kama kweli anapumzika, inatoka, zinabaki saba. Shilingi 700 kwa zamu.

Lakini je, anapumzika? Sheria inataka mfanyakazi aliyefanya kazi mfululizo zaidi ya saa tano apewe mapumziko ya angalau dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipa, isipokuwa kama mfanyakazi ametakiwa kufanya kazi au kuwa tayari kwa kazi wakati huo. Mlinzi aliye peke yake getini, anayekula ugali wake akiwa amekaa palepale ili gari likija afungue, yuko tayari kwa kazi. Mapumziko yake ni ya jina tu. Saa hiyo inalipwa, na kwa kuwa iko usiku, inalipwa pamoja na nyongeza. Saa zake za usiku zinarudi kuwa nane.

Halafu linatokea jambo la pili ambalo wengi hulipita. Saa ya mapumziko ikigeuka kuwa ya kazi, zamu yake si ya saa tisa tena, ni ya saa kumi. Saa moja imezidi kikomo cha saa tisa kwa siku, na hiyo ni saa ya ziada, inayolipwa angalau mara moja na nusu ya mshahara wa msingi: shilingi 3,000. Ni saa ipi? Ile inayokuja baada ya tisa za kawaida kwisha, yaani kutoka saa moja hadi saa mbili asubuhi. Kwa kuwa imeangukia mchana, haina nyongeza ya usiku. Kwa hiyo siku yake inakuwa saa 9 kwa shilingi 2,000, jumla 18,000. Saa 1 ya ziada, 3,000. Na saa 8 za usiku, 800. Jumla ni shilingi 21,800. Kwa hesabu iliyoamini ratiba bila kutazama geti, angelipwa shilingi 18,700. Tofauti ya shilingi 3,100 kwa zamu moja haikutoka kwenye asilimia 5 peke yake. Imetoka kwenye swali la mapumziko ambalo hesabu ya usiku ndiyo iliyolazimisha liulizwe.

Saa za ziada zinapoangukia usiku

Zamu ya jioni ina tabia moja: ikirefuka, inarefukia usiku. Tuseme mwenzake wa kumpokea mhudumu wa mapokezi amechelewa, na mhudumu amekubali kubaki hadi saa nane usiku. Saa zake tisa za kawaida zilikwisha saa sita usiku. Hizi mbili ni za ziada, na zote ziko ndani ya usiku.

Kwa hali hii sheria imetoa maelekezo ya wazi: saa za usiku zikiwa ni saa za ziada, asilimia 5 inahesabiwa juu ya kiwango cha saa za ziada. Kiwango hicho ni shilingi 3,000, na asilimia 5 yake ni 150. Kila saa inalipwa shilingi 3,150. Saa mbili ni 6,300. Ukijumlisha siku nzima, saa 9 za kawaida ni 18,000, nyongeza ya saa nne za kwanza za usiku ni 400, na saa mbili za ziada ni 6,300. Jumla ni shilingi 24,700.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua shilingi 3,000 na kuongeza shilingi 100, ile nyongeza ya kawaida, na kupata 3,100. Ni shilingi 50 tu kwa saa, na ndiyo maana haligunduliki. Njia ya kuligundua ni kugawanya. Chukua malipo ya saa moja ya ziada ya usiku, ugawanye kwa mshahara wa msingi wa saa moja. Jibu sahihi ni 1.575, yaani 1.5 mara 1.05. Ukipata 1.55, nyongeza imehesabiwa juu ya mshahara wa msingi. Ukipata 1.5, nyongeza haikuhesabiwa kabisa, na hilo hutokea pale mhasibu anapodhani kwamba malipo ya ziada yamekwisha kumeza ya usiku.

Zamu iliyorefushwa ina mipaka yake pia. Mtu haruhusiwi kufanyishwa kazi zaidi ya saa 12 kwa siku, pamoja na za ziada, wala zaidi ya saa 50 za ziada katika wiki nne. Mhudumu wetu amefanya 11, yuko ndani ya mpaka. Anastahili pia saa 12 mfululizo za kupumzika kabla ya zamu inayofuata. Ametoka saa nane usiku na kesho yake anaingia saa nane mchana: ni saa 12 kamili. Angebaki nusu saa zaidi, zamu ya kesho ingelazimika kusogezwa mbele kwa nusu saa.

Posho ya mkupuo

Maeneo mengi hayahesabu saa kwa saa. Yanalipa posho ya usiku ya kiasi kimoja kila mwezi, kwa kuwa ni rahisi kuandaa. Sheria inasema "angalau", kwa hiyo posho ya mkupuo inakubalika ilimradi isipungue kile ambacho hesabu ya saa ingetoa. Haitoshi kuipima mara moja na kuisahau. Ipimwe kila mwezi.

Tuseme hoteli inamlipa mhudumu wa mapokezi posho ya usiku ya shilingi 9,000. Katika mwezi wa kawaida wa zamu 22, haki yake ni 8,800, na posho inatosha. Mwezi unaofuata amebaki hadi saa nane usiku mara nne. Nyongeza ya saa hizo nane za ziada, kwa shilingi 150 kila moja, ni 1,200. Haki yake ya nyongeza imefika shilingi 10,000, na posho imepungua kwa 1,000, ambayo lazima iongezwe. Malipo ya saa za ziada zenyewe, shilingi 24,000, yanasimama peke yake na hayahusiani na posho.

Wapo pia waajiri wanaolipa asilimia 5 ya mshahara wote wa mwezi kwa yeyote aliye kwenye zamu ya usiku. Kwa mshahara wetu ni shilingi 19,500. Mlinzi mwenye saa nane za usiku kwa zamu 22 anadai 17,600, kwa hiyo njia hii inamtosha. Ubaya wake uko kwa wasiotajwa. Mwajiri anayelipa hivyo mara nyingi anaamini amekwisha kutimiza wajibu wake wa usiku, kumbe mpishi wa mikate na mhudumu wa mapokezi hawajapata hata senti.

Pale kompyuta inapokosea

Zamu inayovuka saa sita usiku inasumbua majedwali ya kompyuta. Ukiandika kuingia 22:00 na kutoka 8:00, kisha ukatoa moja kwenye nyingine, unapata saa 14 za upungufu, au sifuri ikiwa fomula imezuiwa kutoa namba hasi. Sifuri hiyo ndiyo hatari zaidi, kwa kuwa haimshtui mtu. Dawa yake ni kuandika saa kwa desimali na kuongeza 24 kwa kila saa iliyovuka usiku wa manane. Kutoka saa mbili asubuhi ya kesho yake kunaandikwa 32. Mapumziko ya saa nane usiku yanaandikwa 26. Saa ya kuingia ikiwa kwenye A2 na ya kutoka kwenye B2, fomula hii inatoa saa za usiku:

```
=MAX(0,MIN(B2,6)-MAX(A2,0))+MAX(0,MIN(B2,30)-MAX(A2,20))
```

Sehemu ya kwanza inashika alfajiri ya siku ile ile, kama ya mpishi aliyeanza saa tisa usiku. Sehemu ya pili inashika usiku unaoanza saa 20 na kuishia saa 30, yaani saa kumi na mbili ya asubuhi inayofuata. Mapumziko yapitishwe kwenye fomula ile ile, kisha jibu lake liondolewe. Kabla ya kuiamini kwa wafanyakazi mia, ijaribu kwa zamu tatu za sura hii, bila mapumziko: 14 hadi 24 itoe 4, 22 hadi 32 itoe 8, na 3 hadi 13 itoe 3.

Angalia pia saa zilizoandikwa kwa mkono kwenye daftari la mahudhurio. Askari anaandika "saa 2" akimaanisha saa mbili usiku, na karani anayeingiza kwenye kompyuta anaandika 2:00, ambayo kwa kompyuta ni saa nane usiku. Kosa hilo linahamisha zamu kwa saa sita, na linaweza kumwongezea au kumnyima mtu. Hapa ratiba na daftari vikubaliane kutumia saa za aina moja, 20:00 kwa mfano.

Kuhusu vipande vya saa, mtu anapotoka saa mbili na dakika 40 usiku, amefanya dakika 40 za usiku. Sheria imetaja saa, haikutaja dakika. Maoni yangu ni kwamba dakika zihesabiwe kwa uwiano: 40 kwa 60 ya shilingi 100 ni shilingi 67 hivi. Anayekata kila kipande kisichotimia saa anamnyima mtu yule yule kila siku, kwa sababu zamu hazibadiliki.

Usiku ni usiku kwa marufuku pia

Tafsiri ya usiku iliyo kwenye kifungu cha 20 haifanyi kazi ya malipo peke yake. Kifungu hicho kinakataza mwajiri kumfanyisha kazi usiku mjamzito katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, au mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Kinakataza pia kazi ya usiku kwa aliye chini ya miaka 18, na kwa yeyote aliyethibitishwa na daktari kwamba afya yake haimruhusu.

Usiku huo ni ule ule unaoanza saa mbili. Mwajiri aliyemtoa mjamzito kwenye zamu ya usiku na kumweka kwenye ile ya jioni inayoisha saa sita hajamtoa usiku. Amempunguzia saa tu. Kumhamishia kwenye zamu ya alfajiri ya saa tisa pia ni usiku. Zamu inayomfaa ni ile isiyogusa kabisa muda wa kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Mahali ambapo nyongeza ya usiku hailipwi kwa zamu ya jioni, kuna uwezekano mkubwa kwamba marufuku hii nayo haifuatwi, kwa kuwa yote mawili yanatokana na kutazama jina la zamu badala ya saa.

Kudai

Mfanyakazi anayetaka kujua kama analipwa sawa anahitaji vitu vitatu: mshahara wake wa msingi kama ulivyo kwenye mkataba, saa halisi za kuingia na kutoka, na hati ya mshahara ya mwezi huo. Sheria inamtaka mwajiri ampe maelezo ya maandishi ya malipo yake. Inamtaka pia mwajiri atunze maelezo ya ajira yake, na kama hawezi kuyatoa katika shauri, mzigo wa kuthibitisha sharti linalobishaniwa unakuwa juu ya mwajiri. Hata hivyo, daftari dogo la mfanyakazi mwenyewe lenye tarehe, saa ya kuingia, saa ya kutoka na mahali alipokula lina thamani kubwa, kwa sababu ratiba rasmi huonyesha kilichopangwa na haionyeshi kilichotokea.

Anza kwa mhasibu wa mishahara, ukiwa na hesabu iliyoandikwa siku kwa siku. Makosa mengi ya aina hii huishia hapo, kwa kuwa chanzo chake ni fomula au mazoea. Yasipoishia hapo, mgogoro unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kupitia chama cha wafanyakazi au wewe mwenyewe. Kwa madai yasiyohusu kuachishwa kazi, muda wa kuyafungua ni siku 60 tangu mgogoro ulipotokea. Anayesubiri kumaliza mwaka ili adai yote kwa pamoja anaweza kukuta sehemu kubwa imezuiwa na muda, au akalazimika kuomba kibali cha kuchelewa kabla hata ya kusikilizwa. Kwa hiyo piga hesabu kila mwezi, siku hati ya mshahara inapotoka, na kama imepungua, andika barua wiki hiyo hiyo.